Picha moja haitoshi mabango matatu

Mwimbaji wa taarabu amepigwa picha kwa simu, amesimama wima, pikseli 3000 kwa 4000. Picha hiyohiyo inatakiwa kwenye karatasi, stori na bango la barabarani.

Karatasi ya A3 haisumbui. Ina milimita 297 kwa 420, umbo linalokaribiana na la picha, hivyo pembeni hukatwa kidogo tu. Mwachie mchapaji milimita 3 za ziada kila upande, kisu chake kisile picha.

Stori ni nyembamba zaidi, 1080 kwa 1920. Robo ya upana inaondoka, na mikono iliyonyooshwa inakatika. Juu na chini hufunikwa na jina la akaunti na sehemu ya kujibu, kwa hiyo tarehe na kiingilio vikae katikati.

Kazi iko kwenye bango la mita 3 kwa 1. Robo tatu ya kimo cha picha inatupwa. Unabaki uso na mabega, maneno hayana pa kukaa. Wengine huivuta picha ijae, mwimbaji akanenepa ghafla! Afadhali kupiga picha ya pili, simu imelazwa, mwimbaji upande mmoja, upande wa pili ukuta mtupu. Ipige kabla hajavua mavazi ya jukwaani.