Pua ya kichanga humjua mama

Mwaka 1994 jarida la tiba la Lancet lilichapisha jaribio ambalo mzazi yeyote anaweza kulielewa. Watafiti walichukua akina mama 30 waliokuwa wametoka kujifungua, wakawaosha titi moja na kuliacha la pili kama lilivyo. Kila mtoto alilazwa kifudifudi kifuani kwa mama yake, katikati ya matiti mawili, kisha akaachwa atafute mwenyewe. Ingekuwa ni kubahatisha tu, nusu yao wangekwenda huku na nusu kule. Lakini watoto 22 walilifuata titi ambalo halikuoshwa.

Kichanga cha dakika chache hakijafunzwa na mtu kunyonya, na macho yake huona vizuri vitu vya karibu tu. Pua, hata hivyo, imekwisha kuanza kazi tangu tumboni. Mtoto huyameza na kuyavuta puani maji ya chupa ya uzazi, na maji hayo hubeba harufu ya vyakula anavyokula mama. Kule Alsace, Ufaransa, watoto ambao mama zao walikula vyakula vyenye anisi katika siku za mwisho za ujauzito waligeukia harufu ya anisi mara walipozaliwa. Wale ambao mama zao hawakuila hawakuijali, au waliikwepa. Baada ya kuzaliwa, kazi ya kumwongoza mtoto hupokewa na vile vipele vidogo vinavyozunguka chuchu. Hutoa mafuta yenye harufu ambayo pua ya mtu mzima haiwezi kuitambua kwa urahisi, lakini mtoto akiisikia huanza kuchezesha midomo.

Kumtofautisha mama yake na mama mwingine huchukua siku kadhaa. Aidan Macfarlane alionyesha jambo hili huko Oxford mwaka 1975. Alitundika vitambaa viwili vilivyovaliwa ndani ya sidiria, kimoja cha mama wa mtoto na kingine cha mama mwingine anayenyonyesha, kimoja kila upande wa uso wa mtoto. Watoto wa siku mbili hawakuchagua. Walipofikia siku ya sita, wengi walikuwa wakielekea zaidi upande wa mama zao.

Kwa hiyo siku hizo za kwanza ndizo za kulindwa. Mtoto akizaliwa salama, akaushwe na awekwe ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, na titi lisioshwe kabla ya kunyonya mara ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri kuogesha kichanga kusubiri saa 24, na nyumbani kwetu, ambako bibi huwa tayari na beseni, ushauri huu unafaa uelezwe mapema, kwa heshima, kabla mama hajaenda hospitali. Mama mwenyewe aoge kila siku kama kawaida. Matiti yanatosheka na maji matupu; sabuni kila kabla ya kunyonyesha huondoa yale mafuta na kukausha chuchu hadi zipasuke. Mikono ndiyo ioshwe kwa sabuni.

Pwani mzazi hupambwa kwa asumini, marashi na udi, na sioni haki ya kumnyima mama furaha hiyo. Harufu ngeni si sumu: watafiti wa Ufaransa waliona kuwa watoto walionyonya kwenye titi lililopakwa mafuta yenye harufu ya kamomile waliizoea na kuipenda. Kinachomchanganya mtoto ni harufu kali inayobadilika leo hii, kesho ile. Basi manukato yakae kwenye nguo za kutokea, na kanga ya kunyonyeshea ifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato na isifukizwe. Kwapani, jiwe la shabu halina harufu yake. Moshi wa udi ni suala jingine kabisa, kwani huumiza mapafu machanga; chetezo kiwe mbali na chumba cha mtoto.

Baba naye ana nafasi. Harufu yake mtoto huijua polepole zaidi, kwa sababu hanyonyeshi, hivyo ambebe kifua wazi, bila losheni kali. Anayevuta sigara avutie nje, kisha abadili shati na anawe kabla ya kumpokea.

Tuseme mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri anaanza kugeuza uso na kulia akisogezwa titini, na mama ameanza losheni mpya jana. Ajisafishe kifua kwa maji, avae kanga aliyolala nayo, amweke mtoto ngozi kwa ngozi mahali patulivu, amwache atafute bila kusukumwa kichwa. Akinyonya, losheni iwekwe kando. Akiendelea kukataa, huenda sababu si harufu ya mama: angalia kama pua ya mtoto imeziba, kama mdomoni kuna utando mweupe, au titi limejaa hadi kuwa gumu. Kichanga kinachogoma kabisa kunyonya, kilicholegea au chenye homa, kipelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo.