Alama ya kutoa iliyokaa nyuma ya namba

Mhasibu anatoa orodha ya miamala ya mteja kutoka SAP na kuibandika kwenye Excel. Orodha ina ankara tatu, shilingi 120,000.00, 300,000.00 na 75,000.00, pamoja na malipo mawili ya mteja, yaliyoandikwa 45,000.00- na 18,500.00-. Katika mfumo huo alama ya kutoa huwekwa nyuma ya tarakimu, na aliyezoea vitabu vya hesabu anaelewa mara moja kuwa ni kiasi hasi.

Excel haielewi hivyo. Namba iliyobandikwa ikiwa na alama nyuma huhesabiwa kuwa maandishi. Utaitambua kwa jicho: namba za kweli huegemea kulia mwa seli, hizi mbili zimeegemea kushoto.

Sasa panga safu kuanzia kiasi kidogo. Zinatangulia 75,000, 120,000 na 300,000, kwa sababu Excel huweka namba kwanza na maandishi baadaye. Malipo yanaangukia chini kabisa, tena 18,500.00- ikiwa juu ya 45,000.00-, kwa kuwa maandishi hupangwa kwa kufuata herufi ya kwanza. Mpangilio sahihi ungeanza na -45,000, kisha -18,500, ndipo ankara zifuate.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye jumla. SUM huruka maandishi bila kutoa onyo, hivyo inaleta 495,000. Deni halisi ni 431,500. Mteja anadaiwa 63,500 alizokwisha kulipa.

Tiba ni fupi. Chagua safu ya kiasi, fungua Data, kisha Text to Columns. Bonyeza Next mara mbili, halafu Advanced. Hakikisha kisanduku cha Trailing minus for negative numbers kina tiki, bonyeza OK, kisha Finish. Hapo hapo kwenye Advanced, angalia pia alama za desimali na za maelfu. Faili iliyoandikwa 45.000,00- inahitaji nukta iwe ya maelfu na mkato uwe wa desimali, la sivyo haitasomeka ipasavyo.

Anayetaka kuacha safu ya asili bila kuigusa aandike fomula hii katika safu ya pembeni, ikiwa kiasi kiko B2:

```
=IF(RIGHT(TRIM(B2),1)="-",
 -VALUE(SUBSTITUTE(TRIM(B2),"-","")),
 VALUE(TRIM(B2)))
```

Fomula inatazama herufi ya mwisho. Ikikuta alama ya kutoa, inaiondoa, inageuza maandishi kuwa namba, kisha inaifanya hasi.

Kabla ya kupanga, linganisha jumla mpya na salio la mteja kwenye mfumo wenyewe. Zikilingana, chagua jedwali zima, tarehe na namba za ankara zikiwemo, ndipo upange. Zisipolingana, usipange: bado kuna seli iliyoegemea kushoto, itafute.