Ukimpendekeza rafiki kwa mwajiri

Ofisa ajira anayepokea ujumbe wako anataka kwanza kujua unamfahamu vipi huyo mtu na ulimwona akifanya nini. "Mchapakazi, mwaminifu, anajituma" ni maneno yaliyomo kwenye karibu kila wasifu uliopo mezani kwake, hivyo hayamsaidii kuchagua.

Tuseme rafiki yako anaomba kazi ya kutunza stoo ya dawa. Unaweza kuandika hivi:

"Habari za kazi, dada. Nakuandikia kuhusu nafasi ya mtunza stoo. Namjua mwombaji mmoja. Ni rafiki yangu, na tulifanya kazi pamoja miaka mitatu kwenye duka la dawa la jumla, mimi nikiwa upande wa mauzo. Alipanga dawa ili zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza, na kila Ijumaa alihesabu mzigo na kuulinganisha na leja. Mfumo wenu wa kompyuta itabidi afundishwe. Ukipenda, nitakutumia namba yake, ameniruhusu."

Urafiki umetajwa waziwazi, maana ukigundulika baadaye hata yaliyo kweli yatatiliwa shaka. Upungufu wa kompyuta nao umesemwa, na kwa maoni yangu ndiyo sentensi inayofanya nyingine ziaminike. Ruhusa ni ya lazima: huenda bosi wake wa sasa hajui kwamba anatafuta kazi kwingine.

Kama hamjawahi kufanya kazi pamoja, usizungumzie stoo. Eleza ulichokishuhudia, labda alivyotunza daftari la kikoba chenu.