Tikiti, Nanasi au Nazi?

Asubuhi moja sokoni Hanoi nilisimama mbele ya mama muuza matunda nikiwa na neno moja tu mdomoni: dưa, yaani tikiti. Herufi d ya namna hiyo watu wa Hanoi huitamka kama z, na ư ni u ya mtu asiyechongoa midomo. Hayo nilikuwa nimeyaweza. Nikauliza vile ningeuliza Kariakoo, sauti ikipanda mwishoni: "Dưa?" Mama akainua nanasi. Nikatikisa kichwa, nikalirudia neno lilelile, safari hii nikilishusha kama mtu anayekata shauri: "Dưa." Akarudisha nanasi mezani, akanipa nazi.

Mama yule hakukosea hata mara moja. Dứa, sauti ikipanda, ni nanasi. Dừa, sauti ikishuka, ni nazi. Dưa, sauti ikinyooka bila kupanda wala kushuka, ni tikiti. Nilikuwa nimetaja matunda mawili, na nililolitaka halikuwamo.

Sisi Waswahili tunapandisha na kushusha sauti kila siku, ila tunaitumia kwa kazi nyingine. "Amefika" na "Amefika?" ni neno moja, kinachotofautisha habari na swali ni sauti tu. Hicho ni kiimbo, nacho ni mali ya sentensi nzima. Kivietinamu kimeiweka sauti ndani ya silabi yenyewe, kila silabi na yake, na ukiibadilisha umesema neno jingine. Hiyo ndiyo toni. Kiswahili hakina. Tunachoweza kukikaribisha ni lile neno barabara: ukiweka mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia, ukiuweka kwenye ya pili ni sawasawa. Lakini hapo kinachohama ni mkazo, na jozi za namna hiyo tunazo chache mno.

Ndugu wa Kiswahili wengi wanazo toni. Kisukuma, Kihaya, Kikuyu na Kinyarwanda zote zinazo, na Mkongo anayesema Lingala anajua kwamba moto ni mtu na motó, yenye sauti ya juu mwishoni, ni kichwa. Aliyelelewa kwa mojawapo ya lugha hizi ana sikio lililokwisha fundishwa kusikiliza. Bado atakuta jambo geni, kwa sababu toni za Hanoi haziishii kwenye juu na chini. Zinahesabu pia njia ambayo sauti inapita, na zinahesabu koo.

Vitabu vingi huanza na silabi ma: ma ni mzimu, mà ni lakini, má ni shavu, mả ni kaburi, mã ni farasi katika maneno yaliyotoka Kichina, mạ ni mche wa mpunga. Ni mfano mzuri kwa macho, ila ni nani aendaye dukani kuulizia mzimu na kaburi? Mimi nashauri uanze na majina ya toni zenyewe, kwa kuwa kila jina hutamkwa kwa toni linayoitaja. Ukiyajua majina sita, umezijua toni sita.

Ngang maana yake mlalo. Haina alama juu ya herufi. Sauti inakaa palepale ilipoanza, na inakaa juu kidogo kuliko mgeni anavyodhani. Wengi wetu huianzia chini, kwenye sauti ya kawaida ya kuongea, halafu tunakosa nafasi ya kushukia. Huyền huanza chini na kuteremka taratibu, kwa pumzi iliyolegea, kama "haya" ya mtu aliyechoka kubishana. Sắc, yaani kali, hupanda, kama "ee?" ya mtu aliyeitwa na hakusikia vizuri. Alama zake zinakusaidia: ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia, ya huyền inateremka na ya sắc inapanda. Alama hizi zilikuwamo tayari katika kamusi ya padri Alexandre de Rhodes iliyochapwa Roma mwaka 1651.

Zinabaki tatu, nazo ndizo zinazotaka koo. Nặng ni nzito. Alama yake ni nukta chini ya irabu. Sauti inaanza chini, inashuka ghafla, kisha inabanwa. Ni fupi kuliko zote. Mswahili akidhani hana sauti hiyo, ajisikilize anapomkatalia mtoto kwa kusema "a-a!" Kati ya a ya kwanza na ya pili koo linafunga kabisa kwa kitambo kidogo. Tamka a ya kwanza kwa sauti ya chini, funga koo, usiendelee. Hapo umeipata nặng. Ngã, ambayo kama neno ina maana ya kuanguka, ni "a-a" nzima, ila a ya pili iruke juu kuliko ya kwanza. Hỏi maana yake kuuliza, na alama yake inafanana na kichwa cha alama ya kuuliza: sauti inateremka, inazama, na mtu akitamka kwa uangalifu inapanda tena mwishoni. Katika mazungumzo ya haraka ya Hanoi ule mpando mara nyingi hausikiki, kwa hiyo usiusubiri.

Sasa nirudi kwenye meza ya matunda, maana kosa langu la pale ndilo ninaloliona kwa Waswahili karibu wote, na halitokani na kutojua toni. Darasani, neno likiwa peke yake, tunalitamka vizuri. Tukiliweka mwisho wa sentensi, kiimbo cha Kiswahili kinalidaka. Chukua sentensi hii: Anh mua, yaani kaka ananunua, au wewe kaka unanunua, Wavietinamu, kama sisi, humwita mtu kwa jina la udugu. Zote mbili ni ngang. Sasa iulize Kiswahili, sauti juu mwishoni. Mua imekuwa múa, nayo ni kucheza ngoma. Itamke tena kama habari iliyokwisha, sauti ikishuka kama tunavyoshusha sote tunapomaliza kusema. Mua imekuwa mùa, yaani msimu. Ulitaka kuuliza na kuthibitisha kama kaka ananunua, na hujataja kununua hata mara moja.

Kivietinamu hakiulizi kwa kupandisha neno la mwisho. Kinaongeza neno la kuulizia, kama sisi tunavyoongeza je, tofauti ni kwamba la kwao hukaa mwishoni: không, yenye toni ngang, iliyonyooka. Lipo na jingine, à, la mtu anayeuliza ili ahakikishe, nalo ni huyền: swali linalomalizikia chini. Sikio letu likisikia Anh mua à linadhani limeambiwa habari.

Jozi ya pili inayotusumbua ni huyền na nặng, kwa sababu zote ziko chini. Bàn ni meza. Bạn ni rafiki. Ukisikiliza urefu wa sauti peke yake hutazitenganisha. Sikiliza muda na koo: bàn inatiririka mpaka n inaisha yenyewe, bạn imekatwa. Na kwa kuwa bán, yenye sắc, ni kuuza, mfanyabiashara anahitaji kuziweza zote tatu kabla hajamwambia mtu kwamba ni rafiki yake.

Hỏi na ngã ndizo zinazoogopwa zaidi, na kwa maoni yangu hazistahili hofu hiyo. Ni kweli kwamba sửa ni kutengeneza na sữa ni maziwa, na nghỉ ni kupumzika na nghĩ ni kufikiri. Lakini Saigon na kusini kote watu wamezichanganya zikawa toni moja, na wanaelewana siku nzima. Wanapokosea tahajia, mara nyingi ni kwenye alama hizi mbili. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza atumie nguvu zake kwenye ngang, sắc na huyền.

Kosa la mwisho halionekani kuwa la toni, kumbe ni la toni. Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu. Ndiyo maana shati na kabati zina i mwishoni. Tukikutana na một, moja, ulimi unatamani kusema moti, mkazo kwenye mo. Ile i ya nyongeza inaivuta silabi iliyopaswa kukatika, na nặng inatoweka. Mvietinamu huifunga t bila kuiachia: ulimi unagusa juu ya meno na kubaki hapo, pumzi haitoki. Jambo la kufariji ni kwamba silabi zinazoishia kwa p, t, c au ch hupokea toni mbili tu, sắc au nặng. Kuna kupanda au kubanwa, basi. Una toni mbili za kuchagua badala ya sita.

Kujipima ni rahisi ukipata mwenzako anayejua lugha. Chora tikiti, nanasi na nazi kwenye karatasi, umpe. Wewe sema Tôi mua, yaani nanunua, kisha moja ya matunda hayo, bila mpangilio, mara 10. Yeye aonyeshe picha kwa kidole bila kusema neno. Kisha uliza kwa không mara 10 nyingine. Kidole chake kikienda kwenye nanasi kila unapouliza, kiimbo chako bado kinatawala. Kabla ya kusema, vumisha sentensi puani, midomo ikiwa imefungwa. Ngang tatu mfululizo, kama Tôi mua dưa, zitoke kama mvumo mmoja ulionyooka. Ukisikia mvumo unainama mwishoni, umeshanunua nazi.

Mwalimu wangu alinipa sentensi moja ya kurudi nayo sokoni: Cô có bán dưa không ạ? Shangazi, unauza tikiti? Cô imenyooka, có na bán zinapanda moja baada ya nyingine, dưa na không zimenyooka, na ạ ya mwisho, ambayo ni neno la heshima, inashuka na kukatika kooni. Swali zima linaishia chini, kwa mkato. Ilinichukua wiki nzima kuacha kuinua ile ạ.

Mama yule alikuwa palepale. Nikalisema polepole, silabi kwa silabi. Akanijibu kwa neno moja, "Có," sauti yake ikipanda kama anayeuliza, nami nikasimama nikisubiri amalizie swali lake. Yeye alikuwa ameshachukua kisu na kulipasua tikiti, kwa sababu có ina sắc, na maana yake ni ndiyo, ninalo.