Mwanafunzi Akisema "Sielewi," Amekwama Wapi?

Mwanafunzi akisema "Mwalimu, sielewi," wengi wetu hurudia somo lote tangu mwanzo, safari hii polepole na kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto anasikia tena mambo aliyokwisha kuyajua, na pale alipokwama panapitwa haraka kama mara ya kwanza. Akiulizwa, "Sasa umeelewa?" anaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Anaona aibu kusema hapana mara ya pili mbele ya wenzake, na mwalimu anasonga mbele akidhani kazi imekwisha.

Mtoto anayesema haelewi mara nyingi anaelewa sehemu kubwa ya jambo lenyewe. Kuna hatua moja iliyomshinda, na kwa kuwa haioni ni ipi, analilaumu swali zima. Kazi ya mwalimu ni kuitafuta hatua hiyo kabla ya kufundisha chochote.

Hilo linaonekana vizuri kwenye maswali ya mafumbo ya hesabu. Tuchukue hili la darasa la tano: "Mama alikwenda dukani na noti ya shilingi 5,000. Alinunua kilo 2 za unga, kila kilo shilingi 1,200, na sabuni ya shilingi 1,150. Alirudishiwa shilingi ngapi?" Unga ni shilingi 2,400, ukijumlisha na sabuni zinakuwa 3,550, na chenji ni shilingi 1,450. Mtu mzima hulimaliza kichwani. Lakini mtoto ana safari ya hatua kadhaa hapo, na anaweza kuangukia popote.

Mwaka 1977 mtafiti wa Australia, Anne Newman, alichapisha uchunguzi wa makosa ya wanafunzi wa darasa la sita katika maswali ya namna hii. Alizipanga hatua hizo katika mfuatano: kusoma swali, kulielewa linataka nini, kuchagua njia ya hesabu, kuikokotoa hesabu yenyewe, kisha kuliandika jibu inavyotakiwa. Kwa kila hatua alikuwa na jambo moja la kumwambia mtoto. Nisomee swali. Niambie swali linakutaka utafute nini. Niambie utalipataje jibu. Fanya hesabu huku unasema kila unachofanya. Sasa andika jibu la swali. Kwa watoto aliowachunguza, karibu nusu ya makosa yalitokea kabla mtoto hajafika kwenye kukokotoa. Kumfundisha tena kutoa na kuzidisha mtoto wa namna hiyo ni kumtibu mguu ilhali anaumwa jino.

Nguvu ya mpangilio huu ni kwamba hatua ya pili haipimiki kama ya kwanza haijapita. Ndiyo maana mwalimu huanza na kusoma, hata kama anaamini mtoto anasoma vizuri. Anamwambia, "Nisomee, mwanangu. Neno usilolijua liruke," kisha ananyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kunavyosikika. Mtoto akisita kwenye neno "kila" na mwalimu akamsaidia, au akaunyanyua uso kidogo tu, hatua hiyo haijulikani tena kama ilikuwa nzima au mbovu.

Neno hilo "kila" si la kupuuzwa. Mtoto asiyelitilia maanani hujumlisha 1,200 na 1,150, akapata 2,350, akaitoa kwenye 5,000 na kuandika 2,650. Hesabu zake zote mbili ni sahihi. Mwingine huandika 3,550 na kuweka kalamu chini, kwa sababu amejibu "alitumia shilingi ngapi" badala ya "alirudishiwa shilingi ngapi." Huyu naye anajua kujumlisha na kuzidisha. Ukimuuliza tu, "Swali linataka tutafute nini?" utamsikia mwenyewe akisema, "Pesa alizolipa," na hapo tatizo limejitaja.

Sasa tufike kwa wanafunzi wawili walioandika jibu moja: 2,550. Tuseme ni mvulana na msichana, wote wamesema hawaelewi. Wote wamesoma vizuri, wameeleza kwamba chenji ndiyo inayotafutwa, na wamesema watajumlisha matumizi kisha watoe kwenye elfu tano. Wote wamepata 3,550 bila shida. Kwa hiyo hatua tatu za mwanzo ni salama na nusu ya hatua ya nne ni salama. Kilichobaki ni 5,000 kutoa 3,550.

Mwalimu akitazama madaftari tu, atasema hawa wana tatizo moja. Akiwasikiliza wakifanya hesabu kwa sauti, atasikia mambo mawili tofauti. Mvulana anasema kwenye makumi, "Tano toa sifuri, tano." Kwenye mamia anasema vilevile, na kwenye maelfu, "Tano toa tatu, mbili." Huyu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Msichana anasema, "Sifuri toa tano haiwezekani, nakopa, inakuwa kumi. Kumi toa tano, tano." Anafanya hivyo makumi, anafanya hivyo mamia, kisha, "Tano toa tatu, mbili." Amekopa mara mbili na hakuna aliyepunguziwa chochote. Majibu yamelingana kwa sababu namba zimeangukia hivyo: tano toa sifuri ni tano, na kumi toa tano ni tano pia.

Makosa ya aina hii yana mpango. Mwaka 1978 Wamarekani John Seely Brown na Richard Burton walichapisha maelezo ya programu ya kompyuta waliyoiita BUGGY, iliyotumika kuwazoesha walimu kutambua makosa ya kutoa. Walionyesha kwamba mtoto anayekosea mara nyingi anafuata kanuni yake kwa uaminifu kabisa, ila kanuni yenyewe ina kasoro mahali fulani. Ukiipata kanuni hiyo, unaweza kutabiri atakosea nini kwenye hesabu ambayo hajaiona bado. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kweli cha mwalimu aliyemwelewa mwanafunzi wake: anaweza kuliandika jibu baya la mtoto kabla mtoto hajaliandika.

Kwa hiyo mwalimu anatafuta hesabu ndogo itakayowatenganisha. Anawapa 62 kutoa 38. Jibu sahihi ni 24. Anayetoa ndogo kwenye kubwa atapata 36, kwa sababu nane toa mbili ni sita. Anayekopa kila mara bila kumpunguzia jirani atapata 34. Mvulana anaandika 36, kama ilivyotarajiwa. Msichana anaandika 24, ambalo ni sahihi.

Hapo mwalimu mwenye haraka angesema msichana alighafilika tu kwenye swali la kwanza. Huenda ikawa hivyo. Newman mwenyewe alitenga nafasi ya makosa ya kughafilika, yaani yale ambayo mtoto huyarekebisha akirudia peke yake bila kusaidiwa. Lakini kuna tofauti kati ya hesabu hizi mbili ambayo haijapimwa: 62 haina sifuri. Basi mwalimu anabadilisha kitu hicho kimoja na kumpa 503 kutoa 247. Jibu sahihi ni 256. Msichana anaandika 366.

Sasa mambo yako wazi. Msichana anajua kukopa, na anajua kwamba jirani akikopwa anapungua. Alipokuta 62 aliipunguza sita ikawa tano bila kuambiwa. Kinachomshinda ni jirani ambaye hana kitu. Akikuta sifuri haendi kwa jirani wa mbele yake, anaigeuza kuwa kumi hivihivi, na tarakimu inayofuata anaiacha ilivyo. Ziada iliyo kwenye majibu yake inathibitisha. Kwenye 503 amezidisha 110, yaani mkopo wa kumi na mkopo wa mia ambao haukulipwa. Kwenye swali la duka amezidisha 1,100, yaani mia moja na elfu moja.

Somo analohitaji sasa ni dogo. Mwalimu anaweza kutumia pesa za karatasi alizozichora mwenyewe: noti tano za elfu moja, hakuna za mia, hakuna za kumi. "Nataka uniletee za kumi tano." Msichana hana. Inabidi avunje noti moja ya elfu apate za mia kumi, kisha moja ya mia aivunje apate za kumi kumi. Mezani zimebaki noti nne za elfu, za mia tisa, na za kumi kumi. Tisa hiyo ndiyo iliyokuwa haipo kwenye daftari lake. Mvulana naye hahitaji somo hili bado. Anahitaji kurudishwa kwenye 62 na vijiti vya kuhesabia, aone kwamba kwenye vijiti viwili huwezi kuondoa vinane.

Mtu atauliza, na kwa haki kabisa, haya yanawezekanaje kwenye darasa la watoto sabini. Mahojiano ya mmoja mmoja kwa wote hayawezekani. Kinachowezekana ni kuchagua namba kwa makusudi. Swali likitungwa ili kila kosa lizae jibu lake, madaftari yanajipanga yenyewe: wenye 2,650 fungu hili, wenye 3,550 fungu lile. Kwa mahojiano wanabaki wale ambao jibu lao halijieleze. Namba zilizotumika kwenye swali letu la duka zina kasoro hiyo, maana zinawaficha mvulana na msichana chini ya jibu moja. Sabuni ingekuwa shilingi 1,050, matumizi yangekuwa 3,450, mvulana angeandika 2,450 na msichana 2,650. Lakini hapo msichana angechanganyika na wale walioliruka neno "kila," isipokuwa nao sasa wangepata 2,750. Kutunga swali zuri ni kazi ya namna hii, kujaribu namba na kuzikataa.

Hapa Tanzania kuna hatua moja inayostahili kutazamwa peke yake. Mtoto aliyesoma hesabu kwa Kiswahili shule ya msingi ya serikali huzikuta kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Akisema haelewi swali la mafumbo, jaribio la kwanza ni kumpa swali lilelile kwa Kiswahili, namba zilezile, bila neno la ziada. Akilifanya, hesabu si tatizo lake, na muda wa mwalimu uende kwenye maneno yaliyomfunga. Akishindwa tena, lugha huenda ni sehemu tu ya tatizo, na safari ya hatua tano inaendelea.

Baada ya somo la noti, msichana anapewa 4,002 kutoa 1,675, hesabu yenye sifuri mbili mfululizo ambayo hajawahi kuiona. Kanuni yake ya zamani ingempa 3,437. Akiandika 2,327, mwalimu anamrudishia swali la duka zima alisome tena tangu mwanzo, kwa sababu inawezekana kulikuwa na kosa la pili lililojificha nyuma ya lile la kwanza.