Ukitaka kuijua tovuti, toka ndani yake

Katika miaka ya 2018 na 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 3,446 wa sekondari video ya watu wakijaza kura bandia kwenye masanduku. Maelezo yalidai ni mchujo wa chama cha Demokrati. Intaneti walikuwa nayo, na ruhusa ya kuitumia pia. Zaidi ya nusu waliona ule ni ushahidi mzito wa wizi wa kura Marekani. Waliofuatilia mpaka wakabaini kuwa picha zilitoka Urusi ni watatu tu.

Sam Wineburg na Sarah McGrew walikuwa wameshaona udhaifu huo hata kwa maprofesa wa historia. Msomi akifungua tovuti ngeni huisoma kuanzia juu hadi chini, akipima lugha na mpangilio wake. Mhakiki wa habari magazetini hutoka baada ya muda mfupi, akaenda kuuliza kwingine: hawa ni nani?

Zoea hilo ndilo walilolifundisha Lincoln, Nebraska, katika vipindi 6 vya dakika 50, ndani ya somo la uraia. Maswali yalikuwa matatu: nani yuko nyuma ya habari hii, ana ushahidi gani, na wengine wanasemaje?

Chukua minimumwage.com, tovuti ambayo watafiti hao waliwahi kuitumia kuwapima wanafunzi. Inapinga kupandishwa kwa kima cha chini cha mshahara, na inaonekana ya kitaalamu: ina ripoti, na inajitambulisha kuwa mradi wa Employment Policies Institute. Mwanafunzi akibofya “kuhusu sisi” atasoma sifa walizojiandikia wenyewe. Basi mwalimu amwambie afungue kichupo kipya, aandike jina la taasisi hiyo pamoja na neno `funding`. Asibofye jibu la kwanza kwa pupa. Asome kwanza mistari miwili mitatu chini ya kila jibu, aone ni gazeti au ni taasisi yenyewe inayojieleza. Hapo atakutana na Berman and Company, kampuni ya uhusiano wa umma ya Washington ambayo imefanya kazi za wenye migahawa. Na wenye migahawa ndio wanaolipa mishahara hiyo.

Wengi hutegemea herufi `.org` mwishoni mwa anwani. Hazina uzito wowote, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuzisajili.

Vijana wa Lincoln walipanda kuliko wenzao ambao hawakupata vipindi hivyo, ingawa bado walikuwa mbali na uhodari wa wahakiki. Mimi ningeongeza kipindi kimoja kwa kosa la upande wa pili: mwanafunzi akishagundua mfadhili, hutupa kila kitu. Mwenye maslahi anaweza kutoa takwimu sahihi. Kwa hiyo jina la Berman likishajulikana, kazi inayobaki ni kuzipeleka takwimu zilezile kwa mwanauchumi asiyelipwa na mwajiri wala chama cha wafanyakazi, na kuona kama anazikubali.