Kifundo Kinapolegea Baada ya Mkono wa Juu Kuvunjika

Mfupa wa mkono wa juu, ule unaotoka begani hadi kwenye kiwiko, ukivunjika katikati, macho ya kila mtu huelekea pale palipovimba na kupinda. Mgonjwa analalamika maumivu, ndugu zake wanatafuta usafiri, mhudumu anatafuta banzi. Kule chini kiganja kinaning'inia, lakini si rahisi mtu kukijali, kwa kuwa wote wanadhani kimelegea kwa sababu mkono umevunjika. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kwa mgonjwa mmoja kati ya wanane au tisa, kiganja kinaning'inia kwa sababu nyingine: neva inayokiinua imeumia. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2005 ulikusanya mivunjiko 4,517 ya shina la mfupa huu kutoka tafiti mbalimbali, na ukakuta 532 kati yake iliambatana na kupooza kwa neva hiyo.

Neva yenyewe inaitwa neva ya radiali. Inaanzia kwenye fundo la neva lililo shingoni na kwapani, na kwa kuwa kazi yake ni kunyoosha, inalazimika kwenda nyuma ya mkono. Hapo ndipo hatari inapoanza. Neva nyingine kubwa za mkono hushuka upande wa ndani zikiwa zimelazwa juu ya misuli. Hii ya radiali hujipinda kutoka ndani, ikapita nyuma ya mfupa na kutokea upande wa nje, na katikati ya safari hiyo inakuwa karibu kabisa na mfupa, chini ya msuli mnene wa trisepsi. Kwa mtu mzima wa wastani, inafika ukingo wa nje wa mfupa kiasi cha sentimita 14 juu ya nundu ya nje ya kiwiko. Ikishuka kidogo, takriban sentimita 10 juu ya nundu hiyo, inatoboa utando mgumu unaotenganisha misuli ya nyuma na ya mbele, ndipo inatokea mbele ya kiwiko.

Utando huo ndio unaoeleza mengi. Sehemu nyingine za neva zinaweza kusogea kidogo mkono unapovutwa, lakini pale inapopenya utando imebanwa, haina pa kukimbilia. Mfupa ukivunjika kwa kupindwa, mstari wa mvunjiko huzunguka shina, na kipande cha chini huweza kupanda na kuelekea nje, moja kwa moja kwenye sehemu hiyo iliyobanwa. Madaktari wawili wa Marekani, Holstein na Lewis, walieleza mvunjiko wa namna hii mwaka 1963, ukiwa katika theluthi ya chini ya shina, na hadi leo unaitwa kwa majina yao. Anayeona umbo hilo kwenye eksirei anapaswa kukichunguza kiganja kwa makini zaidi.

Tumchukue dereva wa bodaboda wa miaka 26, mfano wa wagonjwa wengi wa ajali za barabarani. Ameteleza kwenye mchanga uliomwagika juu ya lami, akaangukia mkono wa kulia. Ngozi haikuchanika. Eksirei inaonyesha mvunjiko wa kuzunguka, chini kidogo ya katikati ya mfupa. Kabla ya mtu yeyote kuuvuta mkono ili kuunyoosha, daktari anakaa karibu naye na kumwambia, "Pole sana kaka. Nitakuomba ufanye vitu vichache, taratibu. Niinulie kiganja, kama unamsimamisha mtu barabarani."

Kiganja hakiinuki. Vidole havinyooki pale vinapoungana na kiganja, na kidole gumba hakisogei kwenda nje. Akiguswa kwa pamba nyuma ya kiganja, kwenye pembe kati ya kidole gumba na cha shahada, anasema pamekufa ganzi. Hayo yote ni ya neva ya radiali. Kisha daktari anashika nyuma ya mkono wa juu na kumwomba ajaribu kidogo kunyoosha kiwiko. Kunauma, lakini trisepsi inajikaza chini ya vidole vya daktari. Jibu hilo ni la thamani. Matawi makuu ya trisepsi huchipuka juu, kabla neva haijaugusa mfupa vizuri, kwa hiyo msuli huo ukiwa hai huku kila kitu cha chini kimelala, jeraha liko pale pale mfupa ulipovunjika. Trisepsi nayo ingekuwa imekufa, daktari angetafuta tatizo kwapani au shingoni.

Kuna mitego miwili hapa, na nimeona hata watu wenye uzoefu wakinaswa nayo. Wa kwanza ni kwamba mgonjwa anaweza kunyoosha viungo vya mbele vya vidole, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa pia na misuli midogo ya ndani ya kiganja inayolishwa na neva nyingine. Asiyejua huona vidole vinanyooka, akaandika "neva salama". Kinachopaswa kutazamwa ni kile kiungo cha shina la kidole. Wa pili ni kinyume chake: kifundo kikiwa kimeanguka, mgonjwa hushindwa pia kutanua vidole, na mtu akadhani neva tatu zimeumia kwa mpigo. Kiganja kikilazwa bapa juu ya meza, vidole hutanuka bila shida.

Nguvu ya kukamata nayo hupungua, jambo linalowashangaza wagonjwa, maana misuli ya kukunja vidole ni mizima. Jaribu mwenyewe: kunja kifundo chako hadi mwisho kuelekea chini, kisha ufumbe ngumi. Utaona ngumi haina nguvu. Misuli ya kukunja vidole inahitaji kifundo kilichoinuka kiasi ili kano zake zikazike. Dereva wetu hawezi kushika breki wala kufunga kifungo cha shati, ingawa misuli inayofanya kazi hiyo haijaguswa.

Majibu ya uchunguzi huo yanaandikwa kwenye faili kabla mkono haujavutwa. Sababu ni nzito. Neva iliyokuwa nzima kabla ya kuvutwa, kisha ikapooza baadaye, huenda imebanwa kati ya vipande vya mfupa, na hilo linaweza kubadilisha uamuzi wote wa matibabu. Bila maandishi hayo, hakuna anayejua ni lini ilipooza.

Swali linalofuata huulizwa na familia nzima: je, neva imekatika? Kwa mvunjiko ambao haukutoboa ngozi, mara nyingi haikukatika. Seddon, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aligawa majeraha ya neva mwaka 1943 katika ngazi tatu ambazo bado zinatumika. Mfano mzuri ni waya wa breki ya baiskeli, wenye nyuzi za chuma ndani ya mrija. Katika ngazi ya kwanza neva imetikiswa au kubanwa, nyuzi zake ni nzima ila hazipitishi ujumbe kwa muda. Katika ngazi ya pili nyuzi zimekatika lakini mrija umebaki, kwa hiyo zinaweza kuota upya zikifuata njia ile ile. Katika ya tatu vyote vimekatika, na bila upasuaji hakuna njia ya kurudi. Katika uchambuzi ule wa 2005, ukijumlisha waliofanyiwa upasuaji na wasiofanyiwa, takriban wagonjwa 88 kati ya 100 walipona.

Ndiyo maana dereva wetu hapasuliwi siku hiyo. Angepelekwa chumba cha upasuaji kama jeraha lingekuwa wazi, kama mshipa mkubwa wa damu ungekuwa umeumia, au kama angekuwa amechomwa kisu, maana hapo uwezekano wa neva kukatika ni mkubwa. Yeye anafungwa hogo la kushikilia mkono wa juu, na baada ya wiki moja au mbili, uvimbe ukipungua, anavalishwa kikazio cha plastiki kinachobana misuli kuzunguka mfupa. Anashauriwa kulala akiwa ameegemea, ili uzito wa mkono wenyewe uvute mfupa unyooke. Kifundo kinawekewa banzi lake linalokiinua kwa nyuzi 20 hadi 30.

Banzi hilo, kwa maoni yangu, ndilo sehemu ya matibabu inayopuuzwa kuliko zote. Kifundo kikiachwa kimening'inia kwa miezi, kano za mbele hufupaa na viungo hukakamaa, na neva ikirudi inakuta mlango umefungwa. Mgonjwa anatakiwa kutumia mkono wake mzima, mara kadhaa kwa siku, kuinua kifundo kilicholala na kunyoosha kila kidole hadi mwisho. Wengine huenda kwa waunga mifupa wa jadi kukandwa na kufungwa vijiti. Kukanda mahali palipovunjika kunaweza kusogeza kipande kikachoma neva, na vijiti vilivyokazwa sana hukata damu. Anayechagua njia hiyo ajue kwamba vidole vikizidi kuuma, vikipoa au kubadilika rangi, vifungo vinatakiwa kulegezwa saa hiyo hiyo na aende hospitali.

Kisha huanza kusubiri, na kusubiri huku kuna hesabu yake. Nyuzi za neva zilizokatika huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Msuli wa kwanza zinaoufikia chini ya mvunjiko uko upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kiwiko, na unasaidia kukunja kiwiko. Kutoka kwenye mvunjiko wa dereva wetu hadi hapo ni sentimita 10 hivi, yaani siku 100, ukiongeza wiki chache za mwanzo kabla nyuzi hazijaanza kuota. Kwa hiyo neva iliyotikiswa tu huonyesha dalili ndani ya wiki kadhaa. Iliyokatika nyuzi huchukua miezi minne au mitano. Daktari anaugusa msuli huo kila kliniki. Pia anagonga taratibu juu ya njia ya neva: mahali mgonjwa anapohisi kama umeme unamwendea mkononi ndipo nyuzi zilipofika, na mahali hapo panatakiwa kushuka kila mwezi.

Kwa dereva wetu msuli unatikisika wiki ya 10. Baadaye kifundo kinaanza kuinuka, ila kinainuka kikielekea upande wa kidole gumba. Hilo lisimwogopeshe mtu. Msuli wa kuinua ulio upande huo hupata neva kabla ya wenzake. Vidole hufuata, na kidole gumba ni miongoni mwa vya mwisho kabisa.

Ikifika mwezi wa nne hadi wa sita bila dalili yoyote, kipimo cha umeme wa misuli nacho kikionyesha kimya, kusubiri zaidi ni kupoteza. Msuli usio na neva huharibika, na ukipita mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hauwezi tena kupokea nyuzi hata zikifika. Daktari wa upasuaji hufungua, na akikuta pengo hulijaza kwa kipande cha neva ya hisia kutoka mguuni.

Waliochelewa nao wana njia: kuhamisha kano. Msuli unaogeuza kiganja chini unashonwa kwenye kano ya kuinua kifundo. Mmoja wa misuli ya kukunja kifundo unapewa vidole, na kano nyembamba ya katikati ya kifundo, ambayo si kila mtu anayo, inapewa kidole gumba. Baada ya wiki nne hivi za kufungwa, mtaalamu wa viungo humwambia mgonjwa ageuze kiganja chini, na kifundo kinainuka, kwa sababu ubongo bado unautuma msuli huo kazi yake ya zamani. Kwa mazoezi ya wiki kadhaa, mgonjwa anainua kifundo bila kufikiria kugeuza chochote.